Namna ya kumwandikia Meneja wa Fedha kuomba idhini kabla ya kuendesha skripti ya kusahihisha data kwenye mfumo halisi

Mchambuzi wa mifumo anapoomba idhini ya kuendesha skripti ya kusahihisha data, anachoomba hasa ni mtu mwingine aweke jina lake chini ya mabadiliko ya vitabu vya hesabu. Skripti ni ya TEHAMA, lakini namba zinazobadilika ni za Fedha, na siku mkaguzi atakapouliza kwa nini akaunti ya benki ilishuka kwa mamilioni katika usiku mmoja, atakayeulizwa ni Meneja wa Fedha. Kwa hiyo barua pepe ya kuomba idhini lazima imwezeshe kuamua kwa vitu anavyovijua yeye: akaunti, salio, kipindi cha hesabu, ankara na mteja. Nimeona barua nyingi za namna hii zilizojaa majina ya majedwali ya kanzidata, zikajibiwa kwa neno moja, "Endelea", na kila aliyekuwepo akijua kwamba aliyejibu hakuelewa anachokiidhinisha. Idhini ya namna hiyo haimlindi yeyote, wala haiokoi hesabu zenyewe.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu kosa lilipogundulika hadi taarifa ya mwisho. Mfano wenyewe nimeutunga, ila kila kipande chake ni cha aina ninayoiona kazini.

Kampuni ya kusambaza bidhaa jijini Dar es Salaam hupokea kila siku faili kutoka benki lenye malipo ya wateja, na karani hulipakia kwenye mfumo wa hesabu. Jumanne, tarehe 23 Septemba 2025, faili lilikuwa na malipo 38 yenye jumla ya TZS 64,215,500. Karani alipolipakia, skrini iliganda kisha ikatoa ujumbe wa hitilafu, naye akalipakia tena. Kumbe upakiaji wa kwanza ulikuwa umekamilika upande wa seva. Mfumo ukabaki na makundi mawili ya stakabadhi, namba 4181 na namba 4182, kila moja likiwa na malipo yale yale 38. Siku mbili baadaye mhasibu aliyekuwa akisuluhisha akaunti ya benki akaona leja inadai kuna fedha nyingi kuliko zile ambazo benki yenyewe inazitambua.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya kuandika

Usianze barua kabla hujajua idadi kamili ya stakabadhi zitakazoguswa na jumla yake hadi shilingi ya mwisho. "Takriban stakabadhi 40" si jambo la kuombewa idhini.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kutafuta marudio kwa kulinganisha mteja, tarehe na kiasi. Njia hiyo inaonekana kuwa na mantiki mpaka utakapokutana na mteja aliyelipa mara mbili kweli. Katika faili letu alikuwepo mmoja, mwenye maduka mawili, aliyelipa TZS 1,200,000 asubuhi kwa duka la kwanza na TZS 1,200,000 nyingine mchana kwa duka la pili. Skripti inayolinganisha kiasi ingeona stakabadhi nne zinazofanana, ikabakiza moja na kubatilisha tatu, na mteja angekuwa amepotezewa malipo yake halali. Kinachotofautisha malipo na malipo ni namba ya kumbukumbu ya muamala iliyotolewa na benki, kwa kuwa hiyo haijirudii:

```sql
SELECT bank_ref, COUNT(*)
FROM   receipts
WHERE  batch_no IN (4181, 4182)
GROUP  BY bank_ref
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Swali hili lilileta namba 38, kila moja ikiwa imejitokeza mara mbili. Hapo wengi wangeandika barua yenye namba 38 na kuituma. Badala yake, kaa na mhasibu wa wadaiwa, mpitie orodha pamoja, mstari kwa mstari. Tulipofanya hivyo katika mfano huu ikaonekana kwamba mhasibu alikuwa ameshabatilisha kwa mkono stakabadhi tatu za kundi la pili, zenye jumla ya TZS 5,940,000, baada ya wateja husika kupiga simu. Kwa hiyo zilizobaki ni stakabadhi 35 zenye jumla ya TZS 58,275,500. Skripti ambayo ingebatilisha zote 38 ingezibatilisha zile tatu mara ya pili, na wateja watatu wangeonekana hawajalipa kabisa.

Kikao hicho hicho kilifichua jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Stakabadhi za kundi la kwanza zililipia ankara zilizokusudiwa. Za kundi la pili nyingi zilibaki zinaelea kwenye akaunti za wateja kama malipo ya awali, lakini 6 kati yake mfumo ulizichukua wenyewe na kuzilipia ankara mpya. Zikibatilishwa, ankara hizo sita zitafunguka tena na kusomeka hazijalipwa, wakati huenda mteja ameshaambiwa na mtu wa mauzo kwamba hadaiwi. Huo si uamuzi wa TEHAMA, na lazima uonekane kwenye barua.

Mkishakubaliana juu ya orodha, iandike kwenye faili la Excel, kisha umwombe mhasibu kwamba kuanzia hapo asibatilishe stakabadhi yoyote ya orodha hiyo kwa mkono hadi kazi iishe.

Hatua ya pili: jaribu kwenye nakala ya karibuni

Rejesha nakala rudufu ya usiku uliopita kwenye mfumo wa majaribio, endesha skripti huko, kisha mwombe mhasibu achapishe ripoti zile zile anazozitumia kila siku, yaani salio la benki kwenye leja, jumla ya wadaiwa, urari na taarifa ya umri wa madeni. Matokeo yanapimwa kwa ripoti za Fedha. Ujumbe wa kanzidata unaosema mistari 35 imeingia hauthibitishi chochote kuhusu hesabu.

Zingatia pia kwamba skripti haifuti. Stakabadhi iliyokwisha kuandikwa ina namba yake, na namba ikitoweka katikati ya mfululizo mkaguzi ataiulizia. Kinachofanyika ni kuandika kwa kila stakabadhi ingizo la kubatilisha, linalotia upande wa debiti akaunti ya wadaiwa na upande wa krediti akaunti ya benki, likitaja namba ya stakabadhi ya awali. Kosa linabaki linaonekana, na marekebisho yake yanaonekana kando yake.

Andika salio la kabla na la baada, ukitaja ni la nakala ya siku gani. Kwa nakala ya mwisho wa Alhamisi 25 Septemba, leja ya benki ilikuwa TZS 412,903,200, na baada ya skripti ikawa TZS 354,627,700. Wadaiwa walitoka TZS 739,118,450 wakafika TZS 797,393,950. Siku ya kazi yenyewe masalio haya yatakuwa yameshasogea kwa sababu biashara inaendelea, kwa hiyo usimwahidi meneja salio, mwahidi tofauti: benki itashuka kwa TZS 58,275,500 na wadaiwa watapanda kwa kiasi hicho hicho.

Vilevile usiahidi kwamba leja na taarifa ya benki zitalingana kabisa. Kabla ya jaribio tofauti kati yake ilikuwa TZS 61,025,500, na baada yake ikabaki TZS 2,750,000, ambazo ni hundi zilizopelekwa benki lakini hazijaiva. Usipolisema hili mapema, asubuhi yake utaulizwa kwa nini skripti haikumaliza tatizo.

Hatua ya tatu: barua yenyewe

Mada ya barua itaje kwamba ni ombi la idhini, itaje kitu, kiasi na siku ya mwisho ya kujibu, kwa sababu meneja mara nyingi huiona kwanza kwenye simu akiwa katikati ya kikao. Aya ya kwanza iseme unachoomba. Historia ya kosa ifuate, kwa ufupi, bila kumtaja karani kwa jina, kwani meneja haombwi hapa kuamua nani alaumiwe. Namba zote za fedha ziwe kwenye mwili wa barua, wala zisiachwe kwenye kiambatisho peke yake. Barua ya mfano wetu, iliyotumwa Ijumaa asubuhi, ni hii:

> Mada: OMBI LA IDHINI – Kubatilisha stakabadhi 35 zilizojirudia, TZS 58,275,500 – jibu linahitajika kabla ya Jumatatu 29 Septemba, saa 6:00 mchana
>
> Ndugu Meneja wa Fedha,
>
> Salaam. Ninaomba idhini yako ya kubatilisha, kwa skripti, stakabadhi 35 za wateja zilizoingia mara mbili kwenye mfumo wa hesabu tarehe 23 Septemba 2025, zenye jumla ya TZS 58,275,500. Ukiridhia, kazi itafanyika Jumatatu 29 Septemba saa 1:30 usiku (19:30 kwenye saa ya mfumo), baada ya watumiaji wote kutoka.
>
> Kilichotokea ni kwamba faili la benki la siku hiyo lilipakiwa mara mbili baada ya mfumo kutoa ujumbe wa hitilafu, ingawa upakiaji wa kwanza ulikuwa umekamilika. Malipo 38 yaliandikwa upya kwenye kundi namba 4182. Matatu kati yake (TZS 5,940,000) Mhasibu wa Wadaiwa ameshayabatilisha kwa mkono, na skripti haitayagusa.
>
> Kitakachobadilika ni hiki: akaunti ya benki kwenye leja itapungua kwa TZS 58,275,500, na akaunti ya wadaiwa itaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Wateja 29 watahusika. Wanne kati yao, ambao sasa wanaonekana wanatudai, watarudi kuwa wanadaiwa. Ankara 6, zilizoorodheshwa kwenye ukurasa wa pili wa kiambatisho, zitafunguka tena kwa sababu mfumo ulizilipia kwa stakabadhi zilizojirudia.
>
> Mauzo, gharama, faida na akaunti za VAT hazitaguswa, kwa kuwa ankara hazibadilishwi. Hakuna stakabadhi itakayofutwa. Kila moja itabaki na namba yake pamoja na ingizo linaloibatilisha.
>
> Skripti imejaribiwa jana usiku kwenye nakala ya data ya tarehe 25 Septemba. Mhasibu wa Wadaiwa amelinganisha urari na taarifa ya umri wa madeni kabla na baada, na uthibitisho wake umeambatishwa. Tofauti kati ya leja na taarifa ya benki ilishuka kutoka TZS 61,025,500 hadi TZS 2,750,000, na kiasi kilichobaki ni hundi ambazo hazijaiva.
>
> Ninaomba uamue mambo mawili. La kwanza, tarehe ya maingizo: tunapendekeza 23 Septemba, kwa kuwa kipindi cha Septemba kiko wazi hadi 3 Oktoba, ili ripoti ya mwezi isibebe kosa hili. La pili, wateja wenye ankara zile 6: je, wajulishwe kabla ya kazi kufanyika, na nani awajulishe?
>
> Msimamizi wa Kanzidata ndiye atakayeendesha skripti, nami nitakuwepo pamoja na Mhasibu wa Wadaiwa. Kabla ya kuthibitisha mabadiliko tutahesabu upya, na ikiwa idadi si 35 au jumla si TZS 58,275,500, tutasitisha bila kubadilisha chochote na kukuandikia. Baada ya kuthibitisha, hadi mfumo unapofunguliwa saa 2:00 asubuhi, tunaweza kurejesha nakala rudufu ya usiku huo. Baada ya hapo marekebisho yoyote yatahitaji maingizo mapya ya hesabu.
>
> Tafadhali jibu barua hii kwa maneno haya, ukibadilisha unachotaka kibadilike: "Ninaidhinisha kubatilishwa kwa stakabadhi 35 za kundi 4182, TZS 58,275,500, kwa tarehe ya 23 Septemba 2025." Tusipopata jibu kabla ya muda uliotajwa, kazi haitafanyika, na stakabadhi zitabaki kama zilivyo.
>
> Wako katika kazi,
> Mchambuzi wa Mifumo, TEHAMA
>
> Nakala: Mhasibu wa Wadaiwa, Msimamizi wa Kanzidata, Mkaguzi wa Ndani

Sehemu chache za barua hii zinahitaji kuelezwa, kwa sababu ndizo zinazoachwa mara nyingi.

Saa imeandikwa kwa namna mbili kwa makusudi. Kwetu saa 1:30 usiku ni 19:30, lakini ratiba ya seva haijui hivyo, na msimamizi anayesoma "1:30" kwa haraka anaweza kuipanga kazi saa saba na nusu usiku, wakati ambapo uchukuaji wa nakala rudufu unaendelea.

Tarehe ya maingizo ni uamuzi wa Fedha peke yake. Kipindi kikiwa wazi, jambo ni jepesi. Kikiwa kimeshafungwa na ripoti imeshapelekwa kwa wakurugenzi, kuingiza marekebisho kwa tarehe ya nyuma kutaifanya ripoti iliyosainiwa isilingane na mfumo, hata kama mfumo wenyewe unaruhusu. Skripti inayoandika moja kwa moja kwenye kanzidata mara nyingi hupita kizuizi cha kipindi kilichofungwa bila kutoa onyo lolote, kwa kuwa kizuizi hicho kipo kwenye skrini za mfumo na hakipo kwenye majedwali. Hali ikiwa hivyo, pendekeza tarehe ya kwanza ya kipindi kilicho wazi, na umwachie meneja kuamua namna ya kuwaeleza waliokwisha kupokea ripoti.

Aya ya kurudi nyuma lazima iseme ukweli kuhusu mwisho wake. Wengi huandika "tukipata tatizo tutarejesha bakapu", na meneja huelewa kwamba jambo lote linaweza kufutika wakati wowote. Haliwezi. Wauzaji wakishaanza kutoa ankara asubuhi, kurejesha nakala ya usiku ni kufuta mauzo ya asubuhi hiyo. Taja saa ambayo mlango huo unafungwa.

Na sentensi ya idhini iliyoandikwa tayari haiwekwi ili kumharakisha meneja. Inamfanya aandike kwa mkono wake idadi, kiasi na tarehe, na anapoziandika ndipo anapozisoma.

Kiambatisho kiwe orodha ya stakabadhi 35, ikionyesha namba ya stakabadhi, jina la mteja, namba ya kumbukumbu ya benki na kiasi, jumla ikiwa chini. Skripti nayo iambatishwe, ingawa meneja hataisoma, kwa ajili ya Mkaguzi wa Ndani. Chukua alama ya faili hilo na uiandike kando yake, ili siku ya kazi ijulikane kwamba kinachoendeshwa ndicho kilichoidhinishwa:

```
sha256sum batilisha_4182.sql
```

Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama inabadilika yote, na idhini inabidi iombwe upya.

Kitu kimoja kisiingie kwenye barua hii, nacho ni ombi la kuzuia kosa lisijirudie. Kuweka sharti kwamba namba ya kumbukumbu ya benki isikubalike mara mbili ni kazi njema na inafaa kufanywa mapema, lakini ni badiliko la mfumo lenye majaribio yake. Ukiyachanganya, meneja atajibu kuhusu moja, nawe utabaki unakisia kama amejibu yote mawili.

Hatua ya nne: kulisoma jibu

Jibu la "Sawa" kwenye WhatsApp si idhini. Mjibu kwa heshima kwamba unaomba alirudie kwenye barua pepe, na mtumie tena sentensi ile. Meneja mwenye kazi nyingi huenda akakereka kidogo, lakini simu hupotea na ujumbe hufutwa, na mkaguzi huja mwaka unaofuata.

Jibu lenye swali pia si idhini, hata likionekana la kukubali. Katika mfano wetu Meneja alijibu Ijumaa jioni: "Ninaidhinisha, lakini yule mteja wa maduka mawili mmemwangalia?" Jibu sahihi ni kumtumia mistari ya mteja huyo ikionyesha namba zake mbili tofauti za benki, na kumwomba athibitishe upya baada ya kuiona. Alithibitisha Jumatatu saa 3:40 asubuhi. Aliamua pia kwamba wateja wa ankara zile sita wajulishwe na ofisi ya mikopo kabla ya saa 9:00 alasiri.

Ikiwa meneja yuko likizo, mwombe Mkaguzi wa Ndani au mkuu wa Fedha akuoneshe kwa maandishi nani anakaimu na kwa kiwango gani cha fedha. Usimtafute tu yeyote mwenye cheo kinachofanana.

Hatua ya tano: usiku wa kazi

Aliyeandika skripti asiiendeshe yeye. Akae pembeni, asome namba kwa sauti, na mhasibu azilinganishe na barua ya idhini iliyochapishwa. Chukueni nakala rudufu kwanza, hakikisheni imekamilika, kisha mfungue muamala na kuhesabu kabla ya kuandika chochote:

```sql
BEGIN;

SELECT COUNT(*), SUM(r.amount)
FROM   receipts r
JOIN   approved_list a ON a.receipt_id = r.receipt_id
WHERE  r.batch_no = 4182
AND    r.reversed = false;
-- lazima iwe 35 na 58275500
```

Skripti yetu inachukua stakabadhi kutoka orodha iliyoidhinishwa, haiendi kutafuta marudio yenyewe upya usiku huo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutekeleza idhini na kufanya uamuzi mpya gizani.

Usiku wa Jumatatu hesabu ilirudi ikiwa na 34 na TZS 57,425,500. Imepungua stakabadhi moja ya TZS 850,000. Kishawishi cha kuendelea ni kikubwa: kila mtu amekaa hadi usiku, tofauti inaonekana kuwa ndogo, na 34 zilizobaki ni sahihi. Lakini sentensi ya idhini inasema 35. Waliandika `ROLLBACK;` wakafunga, na ndani ya dakika kumi barua fupi ikaenda kwa Meneja.

Asubuhi ikajulikana kwamba mhasibu wa tawi la Morogoro, ambaye hakuwamo kwenye orodha ya walioombwa wasiguse stakabadhi hizo, alikuwa ameibatilisha hiyo moja Jumatatu mchana kwa ombi la mteja wake. Orodha ikapunguzwa mstari huo, barua ya pili ikaomba idhini ya stakabadhi 34 na TZS 57,425,500 kwa tarehe ile ile ya 23 Septemba, ikieleza sababu kwa sentensi mbili, na Meneja akajibu kwa sentensi kamili. Safari hii ombi la kutogusa lilipelekwa kwa wahasibu wa matawi yote. Kazi ikafanyika Jumanne 30 Septemba, saa ile ile, siku tatu kabla ya kipindi kufungwa.

Baada ya maingizo kuandikwa na kabla ya `COMMIT;`, hesabu mara ya pili: maingizo mapya yawe 34, jumla ya debiti kwa wadaiwa ilingane na jumla ya krediti kwa benki, na kila ingizo litaje stakabadhi yake. Mhasibu aseme "sawa" mbele yenu ndipo mthibitishe.

Hatua ya sita: taarifa ya kufunga ombi

Jibu kwenye mfululizo ule ule wa barua, usianze mpya, ili ombi, idhini na matokeo vikae mahali pamoja. Tumia namba zile zile kwa mpangilio ule ule: stakabadhi 34 zimebatilishwa, benki imepungua TZS 57,425,500, wadaiwa wameongezeka TZS 57,425,500, ankara 6 zimefunguka, kazi ilianza saa 1:34 na kuisha saa 1:52 usiku. Stakabadhi ya 35, ile ya TZS 850,000, itajwe kando kwamba ilibatilishwa na tawi tarehe 29 Septemba, la sivyo mtu atakayejumlisha barua ya kwanza na taarifa hii atapata pengo asiloweza kulieleza.

Ambatisha urari wa kabla na wa baada, pamoja na orodha ya namba za maingizo mapya. Kisha subiri usuluhishi wa benki wa asubuhi, na mhasibu akishaona kwamba tofauti iliyobaki ni ya hundi ambazo hazijaiva peke yake, mwombe aandike hivyo kwenye mfululizo huo huo kwa jina lake.